Barua ya Mwalimu Akenese kwa Kijiji Chenye Kiti Kitupu

Harufu ya darasa la nane la kijiji cha Vaialofi ilikupokea ukiwa bado uwanjani. Kuku walikuwa wakilala humo tangu mwezi wa tano, juu ya madawati, na hakuna aliyewafukuza. Kwenye droo ya meza ya mwalimu kulikuwa na mkate wa nazi uliogeuka manyoya meusi, na mjusi aliyekufia pembeni yake akaganda pamoja nao. Mwalimu Akenese alivuta droo, akaitazama, akaitoa nzima na kwenda kuitupa baharini pamoja na vilivyomo. Kisha akaja kwetu kuazima ndoo na brashi.

Mimi naishi nyuma ya shule hiyo kwa sababu mke wangu ni mtu wa hapa, na hapa kisiwani Savai'i mwanamume akioa hupata na majirani. Miaka niliyokaa imenifundisha kuvumilia mengi: nzi wakati wa maembe, nyimbo za kwaya zinazorudiwa mpaka usiku, mabinamu wasioisha. Ila yaliyofanyika juu ya barua ya mwanamke yule sijaweza kuyameza hata leo.

Mwalimu aliyemtangulia alikuwa Tavita, kijana mwema. Aliondoka kwenda New Zealand kuchuma tofaa, kama walivyoondoka nusu ya vijana wenye mikono imara. Hakuna aliyemlaumu, maana msimu mmoja wa tofaa unajenga nyumba. Lakini darasa lake liliachwa. Mwalimu mkuu, Mose, aliwaambia watoto wajisomee, akampa kiranja mmoja fimbo, akarudi ofisini kwake kwenye feni. Hivyo ndivyo walivyokaa hadi likizo ya katikati ya mwaka, na mtihani wa kuhitimu darasa la nane unawasubiri mwisho wa mwaka.

Akenese alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene, mwenye sauti ya chini, asiyecheka ili kumfurahisha mtu. Alitoka pwani ya kusini ya kisiwa cha Upolu, ng'ambo ya mlango wa bahari, binti wa msemaji wa kijiji. Alikuwa amefundisha mjini miaka mingi, na wizara ikamhamishia kwetu kuziba pengo. Alifika siku ya Alhamisi. Siku mbili alisugua sakafu na kusoma madaftari ya watoto. Mke wangu alimkuta amekaa katikati ya rundo la madaftari hayo, uso umemkunjika kama mtu aliyeuma ndimu.

"Kuna mtoto humu amenakili ubao neno kwa neno tangu mwezi wa pili," alimwambia. "Mwandiko safi kabisa. Na alipokosea Tavita ubaoni, naye kakosea. Hasomi huyu. Anachora."

Ijumaa jioni akaandika barua.

Mwalimu anayeshika darasa katikati ya mwaka haingii hivi hivi. Wizara inataka barua ya kujitambulisha: isizidi ukurasa mmoja, isainiwe na mwalimu mkuu, nakala ibaki kwenye faili la shule. Akenese alikuwa ameshaandika kama hizo mara mbili maishani mwake, na alijua mahali zinapoharibikia. Alinieleza siku nyingine, tukimenya ndizi. Usiseme kwa nini mwenzako ameondoka, sema tu kwamba ameondoka na kwamba unamshukuru, kwa sababu watoto walimpenda na wazazi wanamjua mama yake. Usiseme umekuta nini, hata kama umekuta uozo, kwa sababu aliyeuacha uozo ndiye atakayesaini. Anza na kitakachobaki vile vile, makundi ya kusoma, zamu za kufagia, siku za kazi ya nyumbani, maana mtoto aliyebadilishiwa mwalimu anataka kujua kama kiti chake bado ni chake. Mabadiliko yaje baadaye, tena moja au mawili. Usiahidi matokeo ya mtihani. Sema utapatikana lini na wapi. Na uwaambie wewe ni mtoto wa nani.

Hilo la mwisho wizara hailiulizi, lakini kwetu barua isiyo na wazazi haisomwi. Wala haisomwi barua isiyo na salamu. Kila kijiji kina salamu yake, vyeo vya koo zake vikitajwa kwa mpangilio usiovunjwa, na kila mwenye cheo husikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza jina lake kwenye foleni ya hospitali. Akenese alikuwa nayo salamu ya Vaialofi kichwani. Baba yake alimkaririsha salamu za vijiji vya visiwa vyote viwili akiwa mtoto, wakati wenzake wanacheza. Akaandika hivi: "Nakuinamia wewe, Leiatuvae, na watu wa nyumba yako. Naziinamia sauti mbili zinazosema kwa niaba ya kijiji. Namheshimu mchungaji na mkewe." Na kuendelea.

Asichokijua ni kwamba Leiatuvae hayupo. Mzee aliyekuwa na cheo hicho tulimzika mwaka jana, na watu wawili wanakitaka: Pauli, mwenyekiti wa kamati ya shule, na Uelese, mwenye mabasi. Ni mabinamu. Kesi iko kwenye mahakama ya ardhi na vyeo, na mahakama hiyo hutaka kujua, pamoja na mambo mengine, kijiji kinamtambua nani. Kwa hiyo baraza la wazee likaamua kwamba mpaka hukumu itoke, cheo hicho kisitajwe hadharani. Unaanza na zile sauti mbili, unaendelea. Hakuna aliyeliandika agizo hilo. Kila mtu wa hapa analijua, na mtu wa Upolu hawezi kulijua asipoambiwa.

Akenese aliuliza. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu baadaye lilifunikwa. Jumamosi alimpelekea Mose barua asaini, akamwambia kwamba salamu ameiandika kama alivyofundishwa na baba yake, na kama kuna kilichobadilika amwambie airekebishe. Mose akaisoma yote. Akasema iko sawa kabisa, tena nzuri, siku hizi walimu hawajui tena kuandika namna hii. Akasaini, akagonga muhuri, akasema ataisoma yeye mwenyewe kanisani wakati wa matangazo.

Mke wa Mose ni dada yake Pauli.

Jumapili kanisa lilijaa, kofia za kina mama zimejipanga kama sahani kabatini. Mose alisimama baada ya mahubiri, akakunjua karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ya redio. "Nakuinamia wewe, Leiatuvae." Nikasikia mke wangu akivuta pumzi. Upande wa kushoto mtu alikohoa, kisha wengine. Na kule mbele Pauli akanyanyuka, taratibu, akafunga vizuri lavalava yake, shuka ya kiunoni, na kusema, "Asante, Mwalimu. Nyumba yangu imepokea," akakaa.

Mtu hujibu salamu iliyo yake. Kwa maneno hayo machache Pauli alikuwa amekalia kiti cha Leiatuvae mbele ya kijiji kizima, na barua yenye muhuri wa shule ndiyo iliyomkalisha. Mose akaendelea kusoma habari za kazi ya nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea. Akenese alikuwa amekaa na walimu wenzake, akitazama nyuso, na nilimwona akielewa kidogo kidogo.

Jumatatu nusu ya darasa haikuja. Watoto wote wa upande wa Uelese walibaki majumbani, na kwa kuwa mabasi ni ya Uelese, hata wa vitongoji vya juu hawakuwa na namna ya kufika. Akenese akawafundisha waliokuwepo mpaka mapumziko, kisha akaenda ofisini kwa Mose. Mlango ulikuwa wazi na dirisha lake linatazamana na migomba yangu.

"Ulijua," alisema.

"Mimi niliangalia tahajia, Mwalimu."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza kama ni sawa. Ni sawa. Ndiyo salamu ya kijiji hiki tangu babu zetu." Akamsogezea kikombe. "Kunywa chai."

Hakunywa. Alitoka akapita karibu nami, na aliponiona hakusema habari za asubuhi. Alisema, "Anatoa jasho la mafuta yule. Hata kwenye feni." Basi.

Baada ya hapo wakaanza kuja. Wa kwanza Pauli, mchana kweupe, na katoni ya samaki wa kopo na mkeka mzuri uliosukwa laini kama kitambaa. Alimwita Akenese "binti yangu". Alimsifu baba yake, ambaye hakuwahi kumwona. Alichotaka kilikuwa kidogo tu, alisema: nakala ya ile barua, na Akenese aandike chini kwa mkono wake kwamba ndiyo iliyosomwa, na tarehe. Wakili wake anapenda mambo yaliyo wazi.

"Na watoto walioondoka, mzee?" Akenese akamuuliza.

"Hao watarudi wakichoka kulisha nguruwe."

Siku ya pili akaja Uelese na mguu wa nguruwe uliofungwa kwa majani, bado unatoa moshi. Yeye hakumsifu mtu. Alitaka barua ya pili isomwe Jumapili, iseme kwamba mwalimu alikosea, kwamba kiti ni kitupu, na kwamba aliyejibu alijibu kisicho chake.

"Ukishasema hivyo watoto wangu watarudi kesho yake," alisema.

"Nikishasema hivyo watoto wa Pauli wataondoka."

"Hao si kitu. Wajinga tangu kuzaliwa, waulize walimu wote."

"Na hiyo barua ya pili itakwenda mahakamani pia."

Uelese akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sasa Mwalimu, karatasi si yako tena ukishaigawa. Itakwenda inakokwenda."

Nilikuwapo wakati huo, narekebisha bomba la maji la Akenese. Wazee wawili, mabinamu, wanene sawa, wananukia mafuta yale yale ya nazi, wakigombania jeneza la mzee mmoja, wakitumia watoto wa miaka kumi na tatu kama kabari ya kuzibia mlango. Sijawahi kuona kitu cha kutia kinyaa kama upole wa sauti zao. Akenese aliwarudishia vyote. Mguu wa nguruwe aliubeba mwenyewe barabara nzima hadi kwa Uelese, mafuta yakimchuruzika kwenye kiwiko, na watu wakatazama kutoka barazani. Kukataa chakula hapa ni tusi kubwa. Alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Akakaa na tatizo lake. Barua ya kwanza imemvunjia darasa. Barua ya pili ya kuomba radhi italivunja upande wa pili. Kukaa kimya ni kukubali lililosemwa. Na bila barua iliyopokelewa na wote, kwa desturi ya hapa, yeye bado ni mgeni anayepiga kelele kwenye chumba cha watu. Kila siku iliyopita, watoto wasiojua kusoma walikuwa wakilisha nguruwe.

Mke wangu alimwambia aombe uhamisho. Akasema hapana, amekwisha kupasugua.

Alichofanya kilikuwa kidogo, na sidhani kama mtu wa kwingine angekiona. Neno linaloelekezwa kwa kijiji linahitaji salamu, na salamu huhitaji jibu. Lakini neno kwa watoto si neno la hadhara. Hakuna anayetaja vyeo anapomwita mtoto aje kula. Watoto hawana kiti cha kugombania. Kwa hiyo aliandika barua nyingine ya kujitambulisha, kwa watoto, na hakumpelekea Mose aisaini wala hakuichapa. Aliiandika ubaoni kwa chaki, akawaambia waliokuwepo wainakili, kila mmoja mara mbili: moja yake, moja ya binamu yake aliyebaki nyumbani. Katika kijiji hiki hakuna mtoto asiye na binamu upande wa pili. Kazi ya nyumbani ikawa kuisoma kwa sauti baada ya sala ya jioni, wakati kila nyumba iko kimya na hakuna anayeruhusiwa kutoka.

Ilisema hivi:

"Watoto wa darasa la nane, mimi ni Akenese. Baba yangu alikuwa msemaji katika kijiji chake na mama yangu alisuka mikeka. Mwalimu Tavita ameondoka, namshukuru, na mnaruhusiwa kumkumbuka. Kila mtu abaki kwenye kiti chake cha zamani. Makundi ya kusoma yatabaki yale yale mpaka niwajue. Zamu za kufagia zitabaki, ila kuku hawataingia tena. Kazi ya nyumbani ni Jumatatu na Alhamisi kama mlivyozoea. Jambo moja litabadilika: kila asubuhi kila mmoja atanisomea mistari michache, mimi na yeye tu, hakuna atakayecheka. Sijui bado nani anajua nini, kwa hiyo kwa sasa simpi mtu alama. Fimbo nimeichoma jikoni. Mzazi anayetaka kuniona, nipo barazani baada ya masomo. Nawangoja wote."

Jioni ile, baada ya nyimbo, nilizisikia. Kutoka nyumba hii na ile, sauti za watoto zinasoma maneno yale yale, zikipishana, zikikwama. Zilikwama sana. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka isomwe nyumbani. Wazazi wengi hawakuwa wamemsikia mtoto wao akisoma tangu darasa la tatu.

Nyumbani kwa Uelese barua ilifika kwa mkono wa binamu ikakabidhiwa mjukuu wa Uelese, Losivale, msichana mrefu mwenye mwandiko safi, yule aliyenakili ubao kwa kuchora. Haya nilisimuliwa na shemeji yangu aliyekuwa humo. Losivale alisoma "Watoto wa darasa la nane", akasoma "mimi ni", halafu akaliangalia jina kwa muda mrefu. Akarudi mwanzo. Uelese akamwambia aendelee, asione haya. Akaanza kubuni: akasema mwalimu anawasalimu wazee wote na kuwatakia baraka. Bibi yake, mke wa Uelese, ambaye husoma Biblia kila siku, akaichukua karatasi, akaipitia, akamtazama mumewe.

Asubuhi yake Uelese alikuja barazani kwa Akenese kabla ya kengele, amemshika mjukuu mkono kama mtoto wa chekechea. Hakuleta chakula.

"Huyu hajui kusoma," alisema.

"Najua."

"Darasa la nane. Nimelipa sare, nimelipa kila kitu. Kila mwaka wananiambia anaendelea vizuri."

"Anaandika vizuri," Akenese alisema. "Hakuna aliyemuuliza kama anasoma."

Uelese akatazama ofisi ya Mose, akatema mate chini, pembeni, kwa adabu. "Na ile barua yangu?"

"Sina barua yako, mzee. Nina darasa. Mwache hapa, na ulete basi."

Uelese akamtazama mjukuu wake. Nadhani alikuwa akipima nini kinamtia aibu zaidi, na sitaki kumsifu kwa jibu alilolipata, maana alichelewa kulipata. Akamwachia mtoto mkono. Siku iliyofuata basi lilipita vitongoji vya juu, na mwisho wa wiki viti vyote vilikuwa na watu.

Ungedhani yameisha. Mose alisubiri darasa lijae, ndipo akaja mlangoni na karatasi, wakati wa hesabu. Ilikuwa nakala ya barua ya kwanza. Pauli ameiomba tena, alisema, na sasa kwa kuwa amani imerudi, Mwalimu hana sababu ya kukataa kuweka saini. Alisema mbele ya watoto, kwa ile sauti ya redio, akijua kwamba hapa mtu hamkatalii mkubwa wake mbele ya watoto.

Akenese aliweka chaki chini, akapangusa mikono, akaichukua karatasi na kuisoma kana kwamba hajawahi kuiona.

"Hii imeshasainiwa, Mwalimu Mkuu," alisema kwa upole. "Saini ni yako. Muhuri ni wako. Na wewe ndiye uliyeisoma kanisani. Wakimtaka shahidi, waambie wakuite wewe, useme kwamba agizo la baraza ulilijua."

Mose akaitazama saini yake. Nilimwona kutoka migombani mwangu: shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, tumbo limebana mkanda. Pauli asingemwita mahakamani kwa swali kama hilo, maana jibu lingeibomoa barua yenyewe, na Mose alijua. Akaipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu. Akawaambia watoto wasikilize mwalimu wao. Kisha akarudi ofisini na kuwasha feni.

Kesi bado inaendelea. Mose bado ni mwalimu mkuu, bado anasoma matangazo, na Jumapili hushikana mikono na kila mtu mlangoni. Mimi hupitia mlango wa pembeni. Akenese haendi kunywa chai ofisini. Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye madirisha, unaweza kumsikia Losivale barazani, yeye na mwalimu tu, anasoma mistari yake michache. Anakwama, anarudi, anaanza tena. Juzi alifika mwisho wa ukurasa.